Paneli ya sola inashuka nguvu jua likiwa kali: dalili, chanzo na vipimo

Malalamiko huwa yale yale. Paneli imeandikwa wati 330. Siku ya ubaridi yenye jua ilikaribia 300, lakini leo saa sita mchana, anga nyeupe bila wingu na bati halishikiki, mita inasoma 220 na kitu. Mwenye nayo anaanza kuhisi kauziwa feki, au chaji kontrola imechoka. Mara nyingi hakuna kilichoharibika: paneli imepata joto. Ila joto nalo lina kiwango chake, na huwezi kulisingizia kila wati iliyopotea. Upungufu wa joto unakokotoleka. Kinachozidi hapo ndicho cha kutafutwa.

## Kwanza, kinachotokea ndani ya seli

Seli ni kipande cha silikoni chembamba kuliko kadi ya simu, kama milimita 0.15 hadi 0.2. Upande mmoja umetiwa chembechembe za fosforasi, upande wa pili boroni. Pande hizo zinapokutana kunajitokeza msukumo wa umeme wa kudumu, unaosukuma elektroni upande mmoja tu. Mwanga unapopiga, kila chembe ya mwanga yenye nguvu ya kutosha huing'oa elektroni moja mahali pake. Elektroni hiyo husukumwa kwenye uso wa seli na kukusanywa na vile vistari vyembamba vya fedha unavyoviona, kisha hupita kwenye waya, hufanya kazi, na kurudi kwa mgongoni. Seli moja ikiwa kazini hutoa takriban nusu volti. Ndiyo maana paneli ya betri ya volti 12 ina seli 36 zilizofuatana, ili kupata kama volti 18.

Sasa angalia joto linaingilia wapi. Ampia zinatokana na idadi ya chembe za mwanga zinazopiga, na joto halizipunguzi. Huziongeza kidogo sana. Volti ni hadithi nyingine. Chukua debe lililotoboka chini, unalijaza maji kwa bomba. Kimo cha maji ndani ya debe kinategemea bomba linaingiza kiasi gani na tundu linavujisha kiasi gani. Bomba ni mwanga, kimo ni volti. Silikoni ikipata joto, elektroni nyingine hung'oka zenyewe bila mwanga, na elektroni zilizotenganishwa huzidi kuvuja kurudi zilikotoka. Yaani tundu limepanuka. Bomba linaingiza vilevile, lakini kimo kimeshuka. Kila seli hupoteza takriban milivolti 2 kwa kila digrii moja ya sentigredi inayoongezeka. Ni kidogo, mpaka uzidishe kwa seli 72 na digrii 40.

Na digrii 40 si za kutia chumvi. Lebo ya paneli hupimwa seli ikiwa digrii 25, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba. Paneli ya kawaida hugeuza kama moja ya tano ya mwanga huo kuwa umeme, na sehemu kubwa ya unaobaki huwa joto palepale ndani ya kioo. Kwa hiyo mchana wa jua kali seli huwa na digrii 25 hadi 35 zaidi ya hewa iliyoizunguka, na ikifungwa vibaya huzidi hapo. Hewa ikiwa digrii 33, seli kufika 65 ni jambo la kawaida. Kumbe kinachotakiwa ni mwanga mwingi na ubaridi kwa pamoja, si joto.

## Dalili ya 1: Wati ni chache kuliko lebo, mchana wa jua kali

Visababishi, kuanzia kinachoonekana mara nyingi: joto la kawaida, vumbi na uchafu, paneli kubanwa na paa, waya mwembamba au viunganishi vilivyolegea, na mwisho kabisa, paneli yenyewe kuharibika.

Kabla ya kupanda popote, soma lebo ya nyuma au karatasi ya vipimo. Unahitaji `Voc`, ambayo ni volti za paneli isiyounganishwa na kitu. `Isc`, ampia zake ikipigwa shoti. `Pmax`, wati zake. Na viwango vya kushuka kwa joto, vinavyoandikwa kwa `%/°C`. Kiwango cha wati kwenye paneli nyingi za zamani ni kama asilimia 0.40 kwa kila digrii. Za kisasa zaidi huwa 0.35 au 0.30, na zipo zinazofika 0.25. Ukiwa unanunua paneli ya mahali pa joto, namba hii inastahili kuangaliwa kabla ya rangi ya fremu.

Hesabu yenyewe tuifanye kwa paneli moja ya seli 72, iliyofungwa peke yake kwenye chaji kontrola ya aina ya `MPPT`, ile inayobadilisha volti za paneli ziendane na za betri. Lebo inasema hivi:

```
Pmax 330 W    Voc 46.0 V    Isc 9.30 A
Pmax -0.40 %/°C    Voc -0.31 %/°C
```

Saa sita mchana kontrola inaonyesha wati 222. Zimekosekana 108. Je, zote zimeliwa na joto?

Hatua ya kwanza ni kujua joto la seli, na hapo huhitaji kipimajoto, kwa sababu paneli yenyewe ni kipimajoto. Zima paneli kwenye swichi yake ya umeme wa DC, tenganisha waya zake na kontrola, weka multimita kwenye volti za DC, upime ncha zake mbili. Soma haraka, ndani ya dakika moja au mbili, kwani paneli isiyotolewa umeme huzidi kupata joto kidogo: ile nguvu iliyokuwa ikitoka kwenye waya sasa inabaki ndani. Hapa mita imesoma volti 40.3. Kutoka 46.0 zimeshuka 5.7, sawa na asilimia 12.4. Gawa kwa 0.31 upate 40. Seli ina digrii 40 zaidi ya 25, yaani 65.

Digrii 40 mara asilimia 0.40 ni asilimia 16. Hata jua likiwa kamili, paneli hii haiwezi kuzidi asilimia 84 ya lebo, yaani wati 277. Hilo ndilo fungu la joto: wati 53. Bado 55 hazijapata mwenyewe.

Hatua ya pili ni mwanga unaozifikia seli. Multimita nyingi zina tundu la ampia 10, na paneli hii ikipigwa shoti hutoa 9.30, kwa hiyo inawezekana. Funika paneli kwa blanketi zito, unganisha mita, funua, soma, funika tena, kisha ndipo utoe waya za mita. Ukizivuta paneli ikiwa wazi, umeme wa DC hutengeneza cheche ndefu inayounguza vidole na mita. Paneli nyingi mpya hutoa ampia 11 hadi 18. Kwa hizo usitumie tundu la ampia 10 kabisa, tumia klampu mita inayosoma DC.

Mita inasoma 8.0. Ukigawa kwa 9.30 unapata asilimia 86. Huwezi kusema kama pungufu hilo ni la jua lenyewe au la vumbi, kwa kuwa yote mawili hupunguza ampia. Dawa ni kuosha. Subiri jioni au asubuhi na mapema kioo kikiwa kimepoa, maana maji baridi juu ya kioo cha digrii 65 yanaweza kukipasua. Maji na kitambaa laini vinatosha. Sabuni ya unga na brashi ngumu huchuna kioo.

Kesho yake saa ileile, hali ya hewa ikiwa ileile, shoti inasoma 8.5 na kontrola inaonyesha wati 236. Basi vumbi lilikuwa limekula wati 14. Sasa 8.5 kwa 9.30 ni asilimia 91. Ondoa kama mbili, zile joto linazoongeza kwenye ampia, ubaki na 89 au 90. Jua la siku hiyo lilikuwa takriban wati 900 kwa mita ya mraba, si 1,000. Zidisha 330 kwa 0.90, kisha kwa 0.84: wati 249. Kontrola inaona 236. Tofauti ya wati 13, kama asilimia 5, imebaki kwenye waya, viunganishi na uchakavu kidogo wa paneli. Paneli hii ni nzima. Ukipata tofauti ya asilimia 15 au zaidi baada ya kuosha na baada ya kutoa fungu la joto, hapo ndipo una haki ya kuitilia shaka.

Kama seli imekutwa na digrii 75 au 80 badala ya 65, tazama ilivyofungwa. Paneli iliyolazwa juu ya bati bila upenyo hukosa hewa ya kuipooza mgongo, na joto lake linaweza kuzidi kwa zaidi ya digrii 10. Kwa paneli ya mfano wetu hizo ni wati 13 nyingine kila saa ya jua kali. Inue kwa vyuma, uache sentimita 10 hadi 15 kati ya paa na fremu, na usizibe upande wa chini wala wa juu, maana hewa ya moto hupanda na inahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Kumwagia paneli maji saa sita mchana ili ipoe ni ushauri unaozunguka sana. Wati zinapanda kweli, kwa dakika chache, halafu unabaki na chumvi ya maji iliyoganda kwenye kioo na hatari ileile ya kupasuka.

## Dalili ya 2: Siku za joto betri haijai, siku za ubaridi inajaa

Hii huja zaidi kwa paneli ya seli 36 iliyofungwa na kontrola ya aina ya `PWM`. Kontrola hiyo haibadilishi volti. Huiunganisha paneli na betri moja kwa moja, kama swichi inayowaka na kuzima. Kwa hiyo volti za paneli lazima zitoshe kuvuka waya na kontrola na bado zifikishe betri ya risasi na asidi kwenye volti 14.4 hivi.

Piga hesabu ya paneli ya wati 100, yenye volti 18.0 na ampia 5.5 ikiwa kazini. Seli ikifika digrii 65, kila moja imepoteza milivolti 80. Mara 36, ni volti 2.9. Zinabaki 15.1. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, paneli ikiwa mita 10 kutoka kwenye kontrola, una mita 20 za kwenda na kurudi, na hula kama volti 1.25 kwa ampia hizo. Zinabaki 13.85, kontrola nayo ichukue chake. Betri inataka 14.4. Kinachotokea ni kwamba kadiri betri inavyopanda, ampia zinazidi kupungua, na jua linazama kabla haijajaa. Mtu hununua betri mpya, wiki mbili baadaye yako palepale.

Anza na waya, kwa sababu ndio rahisi. Mfumo ukiwa unachaji, pima volti kwenye ncha za paneli, kisha za kuingilia kontrola, kisha kwenye betri. Kati ya paneli na kontrola tofauti isizidi nusu volti. Ikizidi, gusa viunganishi kwa nje: kilicho na joto kuliko wenzake kimelegea au kina kutu ndani. Kama viko sawa, badilisha waya. Wa milimita 4 kwa umbali uleule hula kama nusu volti, wa milimita 6 hula 0.3.

Halafu hesabu seli. Zipo paneli zinazouzwa kama za volti 12 zikiwa na seli chache kuliko 36. Kwenye ubaridi zinachaji, kwenye joto hazina ubavu, na waya mnene hauziokoi. (Seli zikiwa zimekatwa nusu utaona vipande 72, hiyo ni paneli ileile ya seli 36.) Njia ya mwisho ni kuweka kontrola ya `MPPT` na paneli yenye volti nyingi zaidi, mradi `Voc` yake isivuke kikomo cha kontrola. Na kikomo hicho kipimwe kwa ubaridi, si kwa joto: kilekile kinachoshusha volti mchana huzipandisha alfajiri. Ile paneli ya volti 46.0, seli ikiwa digrii 5, hupanda hadi karibu 49. Ukifunga mbili kwa kufuatana ni 98, na kontrola ya volti 100 inabaki na nafasi ya volti mbili tu. Kikomo kikivukwa kontrola inaweza kuungua, asubuhi ya ubaridi wakati jua ndiyo linachomoza, na mwenye nayo akalaumu radi.

Kitu kimoja unapotenganisha: toa paneli kwanza, betri baadaye. Kontrola iliyobaki na paneli bila betri inaweza kuharibika.

## Dalili ya 3: Volti zimeshuka kwa theluthi, si kwa asilimia kumi na kitu

Hapa joto halihusiki, au linahusika kidogo. Paneli ya seli 60 au 72 imegawanywa mafungu matatu, kila fungu likiwa na diodi yake ndani ya kisanduku cha nyuma. Diodi ikifa kwa kujipiga shoti, fungu zima linapotea. Paneli ya volti 46 ikiwa baridi husoma 30 au 31. Ikiwa na joto husoma kama 27. Joto peke yake haliwezi kufanya hivyo: kushusha theluthi ya volti kungehitaji seli izidi digrii 130. Kwa hiyo ukiona theluthi, acha kufikiria hali ya hewa.

Kinachoanza kutazamwa ni kivuli: tawi, nguzo ya antena, kinyesi cha ndege kilichoziba seli nzima. Kivuli hula wati paneli ikiwa kazini, lakini ukiitenganisha na kupima, volti hurudi karibu na kawaida. Zisiporudi bila kivuli chochote, ni diodi, au muunganiko wa ndani umekatika. Kisanduku cha paneli nyingi mpya kimejazwa gundi na hakifunguliki; usikitoboe. Kinachofunguliwa kwa skrubu, diodi hubadilishwa, paneli ikiwa imefunikwa na kutenganishwa.

## Dalili ya 4: Seli moja ina joto kuliko wenzake

Seli iliyopasuka, au iliyofunikwa na uchafu mdogo usiotoka, haipitishi ampia ambazo wenzake wanapitisha. Badala ya kuzalisha, inageuka kuwa jiko: nguvu za wenzake zinaishia ndani yake. Alama zake ni doa la kahawia, au karatasi nyeupe ya mgongoni kuvimba au kuungua. Tumia kipimajoto cha infraredi, upime mgongoni seli baada ya seli, jua likiwa kali na mfumo ukiwa unafanya kazi. Tofauti ya digrii tatu nne si kitu. Inayozidi wenzake kwa digrii 20 baada ya kuoshwa ni mbovu. Usitumie kiganja; seli hiyo inaweza kuzidi digrii 100. Haina matengenezo, paneli itolewe.

## Dalili ya 5: Wati zinaanguka ghafla mchana, zinarudi jioni

Joto la paneli hushusha wati polepole. Anguko la ghafla huwa la inveta au kontrola inayojilinda, kwa sababu nayo inachemka. Tazama kama feni inazunguka, kama matundu yake yana vumbi, kama imefungwa ukuta unaopigwa na jua. Ihamishie kivulini na uiachie nafasi pande zote. Ila grafu ikikata bapa kwenye wati kamili za inveta, hakuna hitilafu: paneli ni kubwa kuliko inveta, basi.

## Pa kuishia

Paneli moja ya volti chini ya 50, kavu na nzima, mtu makini mwenye mita anaweza kuipima. Paneli kadhaa zilizofuatana ni habari nyingine. Tano za mfano wetu ni volti 230 za DC, na cheche yake haizimiki kirahisi kama ya umeme wa nyumbani. Usichomoe kiunganishi chochote mfumo ukiwa unafanya kazi. Mwite fundi mwenye leseni ukikuta kioo kimepasuka, kiunganishi kimeyeyuka, harufu ya kuungua kwenye kisanduku, fremu inayokutekenya ukiigusa, au inveta inayoonyesha umeme unavuja kwenda ardhini. Katika hali hizo usiioshe paneli wala usiguse fremu, hata jua likiwa hafifu.

Fundi akija, mkabidhi vipimo ulivyopata kwa mfumo ulio salama: saa uliyopima, `Voc`, ampia za shoti kabla na baada ya kuosha, volti za pande mbili za waya, na picha ya lebo ya nyuma.